Notisi ya kuhama kwa deni la kodi: barua inapoangushwa na kosa lake yenyewe

Kila inapotoka habari kwamba mahakama imekataa kumtoa mpangaji asiyelipa kodi, eti kwa sababu notisi aliyopewa ilikuwa na kasoro, mabishano huanza. Wenye nyumba huuliza ni haki gani hiyo, mtu anakaa bure halafu anaokolewa na tarehe iliyokosewa. Wapangaji nao hushangilia kana kwamba deni limefutwa. Pande zote mbili zinachanganya mambo matatu ambayo sheria huyatenganisha: deni lenyewe, haki ya kuendelea kukaa ndani ya nyumba, na karatasi inayotumika kuikatisha haki hiyo. Hapa tutaishughulikia hiyo karatasi, maana ndiyo inayoangusha kesi nyingi ambazo mwenye nyumba alikuwa na uhakika wa kuzishinda.

Tuanze na maana za maneno. Malimbikizo ni kodi ambayo siku yake ya kulipwa imeshapita na haijalipwa. Kodi ya mwezi ujao haimo, hata kama mpangaji ametamka mbele ya mashahidi kwamba hatailipa. Faini ya kuchelewa, bili ya maji, gharama ya kutengeneza kitasa alichovunja, hizo zote zaweza kuwa madeni halali, lakini si lazima zihesabiwe kuwa kodi. Tofauti hii inaonekana ndogo, na ndiyo itakayotusumbua zaidi huko mbele.

Notisi nayo ina sura mbili. Ya kwanza humpa mpangaji nafasi ya kuchagua: lipa kiasi hiki kabla ya siku hii, au uhame. Akilipa, mambo yameisha na mkataba unaendelea. Ya pili haimpi chaguo hilo waziwazi. Inatangaza kwamba kwa sababu ya malimbikizo, mkataba umesitishwa au utasitishwa tarehe fulani. Nchi moja hutumia sura hii, nyingine ile, na nyingine zote mbili kwa mpangilio wake.

Kisha kuna karatasi ya tatu ambayo watu wengi huichanganya na notisi, nayo ni amri ya mahakama ya kumtoa mpangaji. Notisi huandikwa na mwenye nyumba au wakili wake. Amri hutolewa na hakimu na kutekelezwa na ofisa aliyepewa mamlaka hayo. Siku za notisi zikiisha na mpangaji akawa bado yumo ndani, katika nchi nyingi mwenye nyumba anachokuwa amepata ni ruhusa ya kwenda kufungua shauri, basi. Akibadilisha kufuli, akang'oa mlango au akakata umeme, anaweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa, na malimbikizo ya kweli hayatamkinga.

Kwa nini basi sheria iishikilie sana barua iliyoandikwa na mtu binafsi? Kwa sababu barua hiyo ina nguvu isiyo ya kawaida. Upande mmoja wa mkataba, bila kumuuliza mwingine na bila hakimu kuwapo, unaanzisha hesabu ya siku ambayo mwisho wake mtu anaweza kupoteza makazi. Sheria inakubali hilo kwa sharti kwamba barua imweleze mpangaji kila anachohitaji ili aamue: anadaiwa kiasi gani, hadi lini, amlipe nani na wapi, na asipofanya hivyo kitafuata nini. Ifikirie kama hundi. Hundi iliyokosewa tarakimu benki huirudisha, na hakuna anayedhani kwamba kwa kuirudisha benki imefuta deni. Aliyeiandika anatakiwa kuandika nyingine.

Sasa tuchukue mfano mmoja tuubebe hadi mwisho. Mpangaji tumwite Rehema, mwenye nyumba tumwite Bwana Salum. Kodi ni 50,000 kwa mwezi, inalipwa kila tarehe 1. Mkataba unasema akichelewa atatozwa faini ya 2,000 kwa mwezi, na maji analipa mbali. Hadi Aprili Rehema hakuwa na deni. Mwezi wa Mei alilipa nusu, 25,000. Juni hakulipa, Julai hakulipa. Alhamisi tarehe 10 Julai Bwana Salum anampa barua hii mkononi:

"Bi. Rehema, unadaiwa kodi ya miezi mitatu 150,000, faini 6,000 na bili ya maji 6,500, jumla 162,500. Nakupa siku tatu. Ulipe kabla ya tarehe 12 Julai, la sivyo nitachukua hatua za kukutoa."

Hakuna sahihi, hakuna namba ya akaunti, hakuna saa wala mahali pa kulipia. Jina la Bwana Salum limechapwa chini. Rehema ana mume ambaye naye alisaini mkataba, lakini barua haimtaji.

Kwa macho ya kawaida ni barua ya heshima na inaeleweka. Rehema mwenyewe anajua anadaiwa. Hata hivyo, barua hii ikipelekwa mahakamani itategemea sana ni mahakama ya wapi, kwa sababu mifumo ya sheria haina msimamo mmoja juu ya kasoro. Nitatumia sehemu tatu ambazo sheria zake kuhusu jambo hili zimeandikwa kwa kina na zinavutana: Kalifonia nchini Marekani, Ujerumani, na Uingereza. Anayesoma akiwa kwingine atafute sheria ya kwao na mkataba wake mwenyewe, lakini maswali atakayoyakuta yatafanana na haya.

Kiasi kinachodaiwa

Hapa ndipo penye vilio vingi. Hesabu ya kodi ambayo Rehema hajalipa ni 25,000 ya Mei, 50,000 ya Juni na 50,000 ya Julai, yaani 125,000. Barua inadai 162,500. Ziada ni 37,500, na imetoka sehemu tatu tofauti: nusu ya Mei iliyokwisha kulipwa ikahesabiwa tena, faini ikachanganywa na kodi, na maji yakaongezwa juu.

Kalifonia ni kali kuhusu hilo. Notisi yao ya siku tatu kwa nyumba ya kuishi inatakiwa kudai kodi tu, kodi inayodaiwa kweli, na iliyofika siku yake ndani ya mwaka mmoja kabla ya notisi. Ikidai zaidi ya kinachodaiwa, notisi huanguka, na shauri la kumtoa mpangaji lililojengwa juu yake huanguka nayo. Sababu yake ina mantiki ukiitazama kwa upande wa mpangaji. Notisi inamwambia: ukilipa kiasi hiki, unabaki. Sasa Rehema akikopa akapata 125,000, deni lake lote la kodi, barua bado inamwambia hazitoshi. Chaguo alilopewa si lile ambalo sheria ilimpa. Anaweza akakata tamaa na kuhama wakati alikuwa na uwezo wa kubaki.

Jambo ambalo wenye nyumba wengi hawalijui ni kwamba kosa la kudai pungufu halina uzito huohuo. Bwana Salum angeandika 100,000, yaani Juni na Julai peke yake, na kuiacha nusu ya Mei aje kuidai baadaye, notisi isingeharibika kwa sababu hiyo. Ndiyo maana mawakili wanaozijua kesi hizi humshauri mwenye nyumba mwenye shaka na kumbukumbu zake aache kila kiasi chenye utata. Kwa maoni yangu huo ndio ushauri wenye faida kuliko wote katika jambo hili, na ndio unaopuuzwa zaidi, kwa kuwa mtu mwenye hasira hutaka kuandika kila kitu anachodai hadi balbu iliyoungua.

Sheria hiyohiyo ya Kalifonia inatoa ahueni kwa majengo ya biashara: mwenye jengo anaweza kukadiria kiasi, akasema wazi kwamba ni makadirio, na tofauti isipozidi asilimia 20 makadirio hayo huchukuliwa kuwa ya kuridhisha. Kwa nyumba ya kuishi ahueni hiyo haipo. Anayekodi ofisi anadhaniwa kuwa na mhasibu. Anayekodi chumba cha kulala hadhaniwi hivyo.

Ujerumani inalitazama suala la kiasi kwa njia nyingine. Kule mwenye nyumba anaruhusiwa kusitisha mkataba papo hapo endapo mpangaji ameshindwa kulipa katika tarehe mbili za malipo zinazofuatana, ama kodi yote ama sehemu yake kubwa, sehemu inayozidi kodi ya mwezi mmoja. Njia nyingine ni kwamba deni limekusanyika kidogokidogo kwa muda mrefu hadi kufikia kodi ya miezi miwili. Rehema ameruka Juni na Julai nzima, kwa hiyo kigezo kimetimia hata kama Mei haikuwapo. Barua lazima itaje sababu, lakini mahakama yao ya juu haikutaka wapangaji waponyoke kwa kila kosa la hesabu. Imesema inatosha mpangaji aweze kutambua ni malimbikizo gani mwenye nyumba anayategemea. Kwa hiyo kosa la 37,500 ambalo Kalifonia lingeiua barua, Ujerumani huenda lisiiue. Lakini Bwana Salum asifurahi mapema, maana kule ameshafanya kosa jingine baya zaidi, na tutalifikia.

Siku

Bwana Salum ameandika "siku tatu", halafu akaandika "kabla ya tarehe 12". Barua inapingana yenyewe. Tuhesabu.

Kanuni inayokutwa karibu kila mahali ni kwamba siku ya kupewa notisi haihesabiwi. Barua imefika Alhamisi tarehe 10, basi siku ya kwanza ni Ijumaa tarehe 11. Kwa hesabu ya kalenda ya kawaida, siku ya pili ni Jumamosi na ya tatu ni Jumapili tarehe 13. Kwa hiyo Rehema alikuwa na haki ya siku nzima ya tarehe 13, na pale ambapo sheria inasukuma mbele siku ya mwisho ikiangukia mapumziko, hadi Jumatatu. Kalifonia tangu 2019 Jumamosi, Jumapili na sikukuu za mahakama hazihesabiwi kabisa katika notisi hii. Kule hesabu ingekuwa Ijumaa tarehe 11, Jumatatu tarehe 14, Jumanne tarehe 15. Siku ya mwisho ni Jumanne, na shauri haliwezi kufunguliwa kabla siku hiyo haijaisha.

Neno "kabla ya tarehe 12" linamaanisha mwisho ni tarehe 11. Siku tatu zimegeuka kuwa moja. Kosa la aina hii halitokani na nia mbaya. Mtu anahesabu siku aliyoandika barua kuwa ya kwanza, au anahesabu tangu alipoichapa na si tangu ilipomfikia mpangaji. Ukitaka kulibaini shika kalamu, andika tarehe ambayo barua ilifika mkononi, anza kuhesabu kesho yake, kisha ulinganishe na tarehe iliyotajwa. Barua iliyoandikwa tarehe 5 ikabandikwa mlangoni tarehe 9 inahesabiwa kuanzia ilipofika kwa njia inayokubalika, na baadhi ya sheria huongeza siku kadhaa kama ilikwenda kwa posta.

Je, tarehe ikikosewa barua ndiyo basi? Hapa Uingereza ina la kusema. Mwaka 1997 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, liliamua kesi ya kampuni mbili, Mannai na Eagle Star. Haikuwa kesi ya deni wala ya nyumba ya kuishi. Mpangaji wa ofisi ndiye aliyetaka kuondoka, akaandika tarehe 12 Januari badala ya 13. Malodi watatu dhidi ya wawili walisema notisi ni halali, kwa sababu mpokeaji mwenye akili timamu, anayeujua mkataba, asingeweza kupotoshwa na kosa hilo. Alipaswa kuelewa kilichokusudiwa. Lakini mmoja wa hao watatu, Lodi Hoffmann, aliweka mpaka wake kwa mfano ambao wanasheria huurudia hadi leo: mkataba ukisema notisi iandikwe kwenye karatasi ya buluu, ya waridi haitafaa, hata kama maneno yake hayana utata wowote.

Mpaka huo ndio ufunguo wa mada yote. Kuna makosa ya kueleza, ambapo maana inaweza kuokotwa na msomaji makini. Na kuna masharti, ambayo hayahusu kueleweka. Ama yametimizwa ama hayajatimizwa.

Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilitumia kipimo hicho kwa mpangaji wa nyumba ya kuishi mwenye malimbikizo. Notisi ilitolewa Novemba 2018, ikasema shauri halitafunguliwa kabla ya tarehe 26 Novemba 2017. Mwaka uliotajwa ulikuwa umeshapita. Mahakama ilisema yeyote angeona kwamba huo ni mwaka uliochapwa vibaya, na kwamba ilikusudiwa 2018, hivyo notisi ikasimama. Angalia ni kwa nini iliponea: kosa lilionekana wazi, na tarehe sahihi nayo ilikuwa wazi. Barua ya Bwana Salum haina bahati hiyo. Rehema akiisoma hawezi kujua kama mwenye nyumba alikusudia siku tatu au alikusudia tarehe 11. Vyote viwili vinawezekana, na kwa kuwa hakuna kinachojitokeza kuwa ndicho kilichokusudiwa, hakuna cha kuokota.

Sahihi, majina na mkono uliopeleka

Turudi Ujerumani, kwenye lile kosa baya zaidi. Sheria ya kule inadai kwamba usitishaji wa mkataba wa nyumba ya kuishi uwe wa maandishi, na "maandishi" ina maana finyu: karatasi yenye sahihi ya mkono, wino halisi. Barua pepe haifai. Ujumbe wa WhatsApp haufai. Picha ya barua iliyosainiwa haifai, nakala iliyopitishwa kwenye mashine ya kunakili haifai. Barua ya Bwana Salum ina jina lililochapwa tu. Kwa kigezo hicho si notisi yenye kasoro, ni kama haikuandikwa. Hapo hakuna mjadala wa kama Rehema alielewa au la. Hii ndiyo ile karatasi ya buluu.

Majina nayo yana uzito. Mkataba ukiwa na wapangaji wawili, barua ya Ujerumani iwaelekee wote wawili. Nyumba ikiwa na wamiliki wawili waliosaini mkataba, itoke kwa wote. Mume wa Rehema alisaini, hakutajwa, na hiyo peke yake ingetosha kuleta matatizo. Kosa hili hutokea sana pale ambapo mwenye nyumba anashughulika siku zote na mmoja wa wapangaji na kumsahau mwenzake, au pale ndugu wanne wanapomiliki nyumba na kaka mkubwa anajiona anatosha kusaini.

Wakala akisaini kwa niaba ya mwenye nyumba, sheria ya Ujerumani inamruhusu mpangaji kuikataa barua ikiwa haikuambatana na hati halisi ya kumpa wakala mamlaka. Lakini lazima aikatae bila kuchelewa. Akikaa nayo wiki nyingi ndipo akumbuke, kasoro hiyo imepita. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kitu ambacho wapangaji husahau: si kila kasoro inajitetea yenyewe. Nyingine lazima aliyeumizwa nayo aiseme, na aiseme mapema.

Kalifonia sahihi haileti kelele kubwa hivyo, lakini kuna taarifa ambazo hazikosekani: jina, namba ya simu na anwani ya mtu atakayepokea malipo, na kama malipo yanapokelewa ana kwa ana, siku na saa anazopatikana. Barua ya Bwana Salum haina hata moja kati ya hizo isipokuwa jina. Mtu anaweza kusema Rehema amekuwa akimlipa miaka yote, anajua pa kumpata. Sheria haisemi iandikwe kama mpangaji hajui. Inasema iandikwe.

Kuhusu kufikisha barua, utaratibu wa kawaida una ngazi. Kwanza mkononi kwa mpangaji. Asipopatikana nyumbani wala kazini, aachiwe mtu mwenye umri na akili ya kutosha na nakala itumwe kwa posta. Asipopatikana wa kuachiwa, ibandikwe mahali panapoonekana na nakala itumwe kwa posta. Kasoro ya kawaida ni kuruka ngazi: kubandika mlangoni moja kwa moja kwa sababu ndiyo rahisi, au kubandika bila kutuma nakala. Aliyepeleka anapaswa kuandika siku, saa, mahali na namna alivyofikisha, kwa kuwa mahakamani hilo ndilo swali la kwanza, na "nilimpelekea mwenyewe kwa mkono wangu" bila maandishi yoyote huwa neno la mtu mmoja dhidi ya mwingine.

Upande wa pili, mpangaji anayekataa kupokea barua hajaiua. Wala kusaini kwamba ameipokea si kukubali deni wala kukubali kuhama. Ni uthibitisho wa siku ambayo hesabu imeanza. Ujerumani barua iliyotumbukizwa kwenye sanduku lake la barua huhesabiwa kuwa imemfikia wakati ambao kwa kawaida angelifungua, hata kama ameamua kutolifungua.

Baada ya notisi kutoka

Notisi iliyozaliwa bila kasoro inaweza kuharibiwa na mwenye nyumba mwenyewe baadaye. Tuseme Bwana Salum alikuwa ameandika vizuri, siku zikaisha, halafu Rehema akamletea 30,000 na yeye akazipokea kimyakimya. Katika nchi nyingi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza, kupokea kodi baada ya notisi kuisha kunaweza kutafsiriwa kwamba ameamua kuendelea na mkataba. Kalifonia kwa nyumba ya kuishi hilo huhatarisha notisi nzima. Anayetaka kupokea sehemu ya deni na kuendelea na shauri anahitaji kujua kwanza sheria ya kwao inaruhusu nini, na si kutegemea maneno "bila kuathiri haki zangu" yaliyoandikwa kwenye risiti.

Ujerumani kuna jambo zuri la kulifahamu. Mpangaji aliyesitishiwa mkataba papo hapo kwa malimbikizo anaweza kuubatilisha usitishaji huo kwa kulipa deni lote la kodi ndani ya miezi miwili tangu alipofikishiwa hati ya madai ya mahakama, mradi hajawahi kuokolewa kwa njia hiyohiyo ndani ya miaka miwili iliyotangulia. Wenye nyumba nao wamejifunza: katika barua moja wanasitisha papo hapo, na wakati huohuo wanasitisha kwa muda wa kawaida wa notisi kama njia ya akiba. Mahakama ya juu imekubali kwamba malipo ya kuchelewa huponya ule wa kwanza peke yake. Mpangaji anayesoma barua ya namna hiyo harakaharaka hudhani akilipa amesalimika, kumbe aya ya mwisho bado inatembea.

Tukirudi kwa yale tuliyoanza nayo, mpangaji anayeshinda kwa sababu ya kasoro hajashinda deni. Rehema akithibitisha kwamba notisi ilikuwa batili, shauri la kumtoa litatupwa, na pengine Bwana Salum atabeba gharama. Zile 125,000 zitabaki palepale, na kodi ya Agosti itaongezeka juu yake. Kesho yake Bwana Salum anaweza kuandika notisi mpya, na siku zitaanza kuhesabiwa upya. Alichokipata Rehema ni muda, kwa kawaida wiki au miezi, kutegemea kasi ya mahakama. Kwa mtu anayesubiri mshahara au mkopo, muda huo ni kitu kikubwa. Kwa mtu asiye na chochote kinachokuja, unaweza kumwongezea deni tu.

Vilevile kasoro haina faida kwa mpangaji anayenyamaza. Wapo wanaoiona, wakacheka, wakaiweka barua kabatini wakingoja hakimu aione. Hati ya kuitwa mahakamani ikifika, kuna siku za kujibu, nazo ni chache. Kalifonia zilikuwa tano hadi mwisho wa 2024, na tangu Januari 2025 ni kumi, bila kuhesabu Jumamosi, Jumapili na sikukuu za mahakama. Asiyejibu anaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa, na notisi yenye kasoro ikapita bila mtu kuibishia. Utetezi unapaswa kuandikwa na kutaja kasoro kwa jina lake: imedai 162,500 badala ya 125,000, imetoa siku moja badala ya tatu, haikutaja namba ya simu wala anwani ya kulipia. "Notisi haikuwa sahihi" haimsaidii hakimu kitu.

Na kwa Rehema kuna njia moja ambayo haihitaji kungoja shauri. Akiwa nazo, apeleke 125,000 ndani ya siku za notisi kwa njia inayoacha ushahidi, pamoja na barua fupi inayosema nusu ya Mei 25,000, Juni 50,000, Julai 50,000, na kwamba faini na bili ya maji anaziomba zijadiliwe mbali. Bwana Salum akizipokea, deni la kodi limekwisha. Akizikataa akidai mpaka zifike 162,500, ameshamwandikia Rehema utetezi wake.